Kutoka namba ya leseni hadi mwenye hisa: kuisoma kadasta ya madini hatua kwa hatua

Ukiwauliza watu wa Ngara nani ana mgodi wa nikeli wa Kabanga, mmoja atakwambia Tembo, mwingine Lifezone, wa tatu atasema BHP walikuwapo, na mzee aliyefanya kazi ya vibarua kwenye mashimo ya utafiti zamani atakutajia Barrick. Hakuna anayedanganya. Kila mmoja anataja kampuni iliyosimama kwenye ngazi yake, katika mwaka wake. Kazi yetu hapa ni kuzipanga kampuni hizo zote kwenye mstari mmoja, tukianzia kwenye kitu kimoja kisichobishaniwa: namba ya leseni.

Kadasta ni rejista ya leseni iliyounganishwa na ramani. Kwa Tanzania inasimamiwa na Tume ya Madini, na ramani yake ya umma unaifikia kupitia tovuti ya tume, tumemadini.go.tz. Inakujibu maswali matatu tu: leseni iko wapi, ni ya aina gani na hali gani, na imeandikwa jina la nani. Haikwambii nani anammiliki huyo aliyeandikwa. Hilo ni la msajili wa makampuni, na mara nyingi la wasajili wa nchi mbili tatu. Nitatumia Kabanga kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa sababu mlolongo wake unaweza kufuatwa wote kwa nyaraka za wazi, na kwa sababu umejaa mitego ya majina.

Anza na mahali, si jina

Wengi huanza kwa kuandika jina la kampuni kwenye kisanduku cha kutafutia. Mimi naanza na ramani. Jina linaweza kuwa limeandikwa vibaya, limebadilishwa, au si la kampuni unayoidhania. Ardhi haihami.

Hata mahali nako kuna mtego. Kabanga ya nikeli iko wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Kuna Kabanga nyingine Kasulu, mkoa wa Kigoma. Ukitafuta kwa jina la mahali tu unaweza kutua kilomita nyingi kusini na kukuta leseni ndogo zisizohusiana kabisa na nikeli. Kwa hiyo sogeza ramani mpaka uone mpaka wa Burundi upande wa magharibi, kisha bofya maumbo yaliyochorwa juu yake.

Ukiwa na koordineti za karatasini, angalia zimeandikwa kwa mfumo gani. Ramani na leseni nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilitumia Arc 1960, ilhali simu yako na ramani za mtandaoni zinatumia WGS 84. Tofauti ya mifumo hiyo miwili ardhini ni takriban mita 300. Kwenye leseni kubwa ya Kabanga, yenye takriban kilomita za mraba 200, mita 300 hazikusumbui sana. Kwenye leseni ndogo ya mchimbaji zinatosha kukuhamishia kwa jirani. Yalinikuta mwenyewe: nilichukua koordineti kwenye nakala ya leseni ya zamani ya machimbo ya mawe, nikazipandisha kwenye ramani, nikaona leseni “imeingia” shamba la mtu, karibu niandike hivyo. Kilichonishtua ni kwamba leseni zote nne za eneo lile zilikuwa zimesogea upande uleule, kwa kiasi kilekile. Makosa ya mpima hayapangiki hivyo, ya mfumo wa koordineti ndiyo hupangika.

Kwenye programu ya ramani kama QGIS, ukanda wa Kabanga ni UTM 36 Kusini. Arc 1960 ya ukanda huo ni `EPSG:21036`, na WGS 84 yake ni `EPSG:32736`. Ipe programu mfumo wa asili kwanza, halafu iagize ibadilishe. Ukiipa mfumo usio wake tangu mwanzo, kila kitu kitaonekana kizuri na kitakuwa kimekosewa.

Soma herufi za mwanzo kabla ya jina

Ukibofya umbo, utaona namba ya leseni, wahusika, hali, tarehe, madini na ukubwa wa eneo. Macho hukimbilia kwenye jina. Yazuie, yaanze na herufi zilizotangulia namba, kwa maana ndizo zinazokwambia uende wapi baadaye.

PL ni leseni ya utafiti. Mwenye PL hana ruhusa ya kuchimba na kuuza, anatafuta tu, na kipindi chake cha kwanza ni miaka minne. PML ni leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo kisheria ni ya Watanzania tu na hutolewa kwa miaka saba. ML ni ya uchimbaji wa kati. SML ni leseni maalumu ya uchimbaji mkubwa, kwa miradi ambayo uwekezaji wake haupungui dola za Marekani milioni 100.

Tofauti hizi zinabadilisha njia yote. Kwenye PML mara nyingi utakuta jina la mtu au kikundi, na hapo njia ya makampuni inakatika. Anayeleta kompresa, mafuta na posho za vijana anaweza kuwa mfadhili ambaye jina lake halipo popote kwenye kadasta. Huwezi kumpata kwa kubofya, na si vizuri kujifanya umempata. Kwenye SML mambo ni kinyume: karibu lazima ukute kampuni, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 unatakiwa kutarajia serikali iwe na hisa zisizopungua asilimia 16 ndani yake. Hicho ni kipimo kizuri cha kujikagua. Ukimaliza kuchora umiliki wa SML iliyotolewa baada ya 2017 na Msajili wa Hazina, anayeshika hisa za serikali, haonekani popote, rudi nyuma, kuna ngazi umeiruka.

Leseni ya Kabanga ni SML 651/2021. Imetolewa Oktoba 2021 kwa Tembo Nickel Corporation Limited.

Kabla ya kwenda mbele, soma safu ya hali. Umbo lililochorwa kwenye ramani si lazima liwe leseni: linaweza kuwa ombi tu. Nimeona makala zikitangaza kwamba kampuni fulani “imepewa” eneo, kumbe iliomba na ombi bado liko mezani. Vilevile leseni ambayo tarehe yake ya mwisho imepita inaweza kuwa na ombi la kuhuishwa linaloshughulikiwa, kwa hiyo usiandike kwamba fulani anachimba bila leseni kwa kuangalia tarehe peke yake. Ulizia ofisi ya madini ya mkoa.

Ukikutana na RL kwenye nyaraka za zamani, hiyo ilikuwa leseni ya kuhodhi eneo. Kanuni za Januari 2018 zilizifuta zote. Kabanga ilikuwa chini ya leseni ya namna hiyo, na ndiyo maana ripoti za kabla ya 2018 zinataja namba na wamiliki ambao kadasta ya leo haiwajui.

Ile asilimia 100 haisemi unachodhani

Mifumo ya kadasta ya aina hii huandika jina la mhusika na asilimia kwenye mabano, kwa mfano kampuni fulani na 100%. Hapa ndipo watu wengi huteleza. Asilimia hiyo ni sehemu ya leseni, si ya hisa za kampuni. Inamaanisha leseni yote iko kwa jina hilo moja, hakuna mshirika mwingine aliyeandikwa kwenye leseni. Haisemi lolote kuhusu nani anaimiliki kampuni yenyewe.

Kwa Kabanga, mwenye leseni ni Tembo Nickel peke yake. Serikali ina asilimia 16, lakini hutaiona kwenye leseni kwa sababu hisa zake zimo ndani ya kampuni. Ubia ukiwa kwenye leseni, kadasta itakuonyesha majina mawili yenye mgawo. Ukiwa kwenye kampuni, kadasta itakuwa kimya, na utaupata kwa msajili wa makampuni. Anayetafuta ubia wa serikali kwenye ramani pekee atahitimisha kwamba haupo.

Kulitambua jina hasa ni lipi

Sasa tunahamia BRELA, msajili wa makampuni wa Tanzania. Mfumo wao wa usajili kwa mtandao, ORS, uko ors.brela.go.tz. Ingia, tafuta kampuni, kisha omba na kulipia taarifa rasmi ya upekuzi. Utafutaji wa kawaida unakupa jina, namba ya usajili na hali ya kampuni. Taarifa ya kulipia ndiyo inayokuonyesha wakurugenzi na wenye hisa.

Kitu cha kuchukua hapo kwanza ni namba ya usajili, hata kabla ya majina ya wenye hisa. Kuanzia hapo, kampuni kwako ni namba ile. Sababu utaiona ukiandika “Tembo Nickel”: nyaraka za mradi zinataja Tembo Nickel Corporation Limited, Tembo Nickel Mining Company Limited na Tembo Nickel Refining Company Limited. Ni kampuni tatu. Mwenye SML ni ile ya kwanza. Ukichukua taarifa ya ile ya pili ukidhani umeipata, utakuwa na wenye hisa sahihi wa kampuni isiyo na leseni.

Ukiwa na leseni nyingi, mamia ya mistari uliyoinakili kutoka kadasta, utahitaji kompyuta ikusaidie kulinganisha majina. Mmoja kaandika “LTD”, mwingine “Limited”, wa tatu kaweka “(T)” katikati. Kipande hiki cha Python kinayasafisha ili yafanane:

```python
import re

def safisha(jina):
    s = jina.upper().replace("&", " AND ")
    s = re.sub(r"\(\s*[\d.]+\s*%\s*\)", " ", s)  # ondoa (100%)
    s = re.sub(r"\((T|TZ)\)", " ", s)
    s = re.sub(r"[^A-Z0-9 ]", " ", s)
    s = re.sub(r"\b(LIMITED|LTD)\b", " ", s)
    return " ".join(s.split())
```

Utaona sikuondoa maneno “COMPANY” na “CO”, ingawa mafundi wengi wa data huyaondoa bila kufikiri. Kabanga ndiyo iliyonifundisha. Kulikuwa na Kabanga Nickel Company Limited, kampuni ya Tanzania iliyoshika mradi enzi za Barrick na Glencore. Kuna pia Kabanga Nickel Limited, kampuni ya Uingereza iliyoununua mradi huo kwao mwaka 2021. Ukiondoa “COMPANY” na “LIMITED” kote kuwili, zote zinabaki `KABANGA NICKEL`, na kompyuta itakuozesha mnunuzi na kitu alichonunua kana kwamba ni mtu mmoja. Kwa hiyo matokeo ya kulinganisha majina ni orodha ya kukagua, si jibu. Kila jozi uithibitishe kwa namba ya usajili, na pale usipokuwa na namba, kwa mambo mawili yanayojitegemea, kwa mfano anwani na jina la mkurugenzi mmoja.

Kuvuka mpaka

Wenye hisa wa Tembo Nickel Corporation ni wawili: Msajili wa Hazina kwa niaba ya serikali, asilimia 16, na Kabanga Nickel Limited, asilimia 84. Huyu wa pili ni wa Uingereza, na hapo kazi inakuwa rahisi kuliko nyumbani, kwani rejista ya Companies House ni ya bure na nyaraka zake unazipakua palepale.

Watu hufungua ukurasa wa wenye udhibiti mkubwa, ulioandikwa `People with significant control`, wakaishia hapo. Kwa upande wa hisa, ukurasa huo unamtaja mwenye zaidi ya asilimia 25 tu. Kuanzia Februari 2023 hadi Julai 2025, BHP ilikuwa na asilimia 17 ya Kabanga Nickel Limited. Iko chini ya kizingiti, kwa hiyo ungeweza kusoma ukurasa ule kwa makini kabisa na usiione moja ya kampuni kubwa kuliko zote za madini duniani. Wenye hisa wadogo wanapatikana kwenye orodha ya nyaraka, `Filing history`. Tafuta `Confirmation statement` yenye mabadiliko ya wenye hisa, si ile inayosema hakuna kilichobadilika. Kama ya mwaka huu haina orodha, rudi nyuma mwaka mmoja mmoja mpaka uikute.

Juu ya Kabanga Nickel Limited, kupitia kampuni za katikati, ndipo ilipo Lifezone Metals Limited. Imesajiliwa Kisiwa cha Man, ambako huwezi kuwasoma wenye hisa kirahisi hivyo. Lakini tangu Julai 2023 hisa zake zinauzwa kwenye soko la New York kwa alama LZM, na soko hilo lina masharti yake. Nenda kwenye EDGAR, hifadhi ya Marekani ya nyaraka za kampuni za sokoni, andika LZM, fungua ripoti ya mwaka iitwayo `20-F`. Mambo matatu yanakuhusu humo. Kiambatisho `8.1` kina orodha ya kampuni tanzu na nchi zake. Sehemu ya `Item 7` ina wenye hisa wakubwa. Na maelezo ya mradi yanataja leseni kwa namba.

Hilo la mwisho ndilo fundo la kufungia kazi. Tulianza na SML 651/2021 chini, tukapanda ngazi hadi juu, na kule juu kampuni mama yenyewe inaandika kwamba mradi wake umo kwenye SML 651/2021. Mnyororo umekutana mwanzo na mwisho. Usipoikuta namba ileile pande zote mbili, bado una dhana nzuri tu.

Andika na tarehe

Mimi huweka kila kiungo kwenye mstari wake: nani, anamiliki nini, kiasi gani, kuanzia lini hadi lini.

```
mmiliki,kinachomilikiwa,asilimia,kuanzia,hadi
Tembo Nickel Corp,SML 651/2021,100,2021-10,
Msajili wa Hazina,Tembo Nickel Corp,16,2021,
Kabanga Nickel Ltd (UK),Tembo Nickel Corp,84,2021,
BHP,Kabanga Nickel Ltd (UK),17,2023-02,2025-07
Lifezone,Kabanga Nickel Ltd (UK),83,2023-02,2025-07
Lifezone,Kabanga Nickel Ltd (UK),100,2025-07,
```

Umiliki usio wa moja kwa moja unaupata kwa kuzidisha. Mapema mwaka 2025, Lifezone ilikuwa na asilimia 83 ya asilimia 84, yaani takriban 69.7 ya Tembo Nickel. BHP ilikuwa na 17 ya 84, takriban 14.3. Jumlisha na 16 za serikali, unapata 100. Jumla isipofika 100, kuna mwenye hisa hujamwona. Ikizidi, umechanganya tarehe mbili. Baada ya Lifezone kuzinunua hisa za BHP Julai 2025, zidisha tena: 100 ya 84 ni 84.

Tazama sasa mstari wa kwanza wa jedwali. Asilimia 17 ya kampuni iliyo juu ya mgodi ilibadilisha mikono, na mstari ule haukuguswa. Biashara ilifanyika ngazi moja juu ya Tembo Nickel, na mwenye leseni alibaki yuleyule. Ndiyo maana kuichungulia kadasta kila mwezi hakutakujulisha mauzo ya namna hii. Ukitaka kuyajua, weka taarifa za kukujulisha kwenye Companies House na EDGAR, kule ambako hisa zinauzwa.

Na mnyororo ukikatika kwenye nchi yenye rejista iliyofungwa, na juu yake hakuna kampuni ya sokoni? Tanzania ina rejista ya wamiliki manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya kampuni, chini ya BRELA, lakini si ya mtu yeyote kuingia na kusoma, ni ya vyombo vya serikali hasa. Jaribu ripoti za TEITI, taasisi ya uwazi katika madini, mafuta na gesi, ambazo zina taarifa za umiliki kwa kampuni zilizohusishwa. Zikikosa, andika kwenye safu ya mmiliki “haijulikani juu ya hapa” pamoja na jina la nchi. Hilo nalo ni jibu.

Ukihamia kwenye gesi

Njia ni ileile, ila swali la kwanza linabadilika. Kwenye gesi na mafuta ya Tanzania, mwenye leseni kwa kawaida ni TPDC, shirika la umma, na kampuni ya nje inaingia kwa mkataba wa kugawana uzalishaji. Anayetafuta kampuni kwenye safu ya mwenye leseni atakuta TPDC, TPDC, TPDC, akadhani serikali inafanya yote peke yake.

Songo Songo ni mfano. Leseni ya uendelezaji, ya miaka 25 kuanzia Oktoba 2001, ilitolewa kwa TPDC. Anayeendesha visima ni PanAfrican Energy Tanzania Limited. Jina lina “Tanzania” ndani yake, kwa hiyo utakwenda BRELA ukitafuta kampuni ya ndani na utahangaika, maana imeanzishwa Jersey na hapa ni tawi la kampuni ya nje. Itafute upande wa kampuni za kigeni. Juu yake iko Orca Energy Group, inayouzwa kwenye soko la TSX Venture la Kanada, na nyaraka zake ziko SEDAR+ kama zile za Lifezone zilivyo EDGAR. Kwenye jedwali lako ongeza safu moja, ya aina ya uhusiano: TPDC kwa leseni ni “mwenye leseni”, PanAfrican kwa leseni ni “mkandarasi kwa mkataba”, Orca kwa PanAfrican ni “mwenye hisa”. Ukiyaweka yote matatu chini ya neno “mmiliki”, jedwali litakwambia kwamba Orca inamiliki leseni ambayo haijawahi kuwa yake.